Televisheni Badala ya Skrini ya Kompyuta: Herufi Zinaharibikia Wapi

Kompyuta nyingi za mapajani hapa Kisangani hazifi, hupofuka. Diski ni nzima, kibodi ni nzima, lakini skrini imepasuka au waya wake umekatikia kwenye bawaba, na kioo cha aina ile ile hakipatikani mjini. Lazima kiagizwe Kinshasa, au mtu asubiri mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Butembo. Huku nyuma kuna televisheni ya inchi 32 ukutani. Waya wa HDMI unanunuliwa sokoni, unachomekwa, na picha inatokea kubwa na ya kupendeza. Furaha hiyo hudumu mpaka mtu afungue Word.

Hapo ndipo malalamiko huanza. Kwenye vibanda vya kuchapa na kufotokopi vinavyowahudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, nimeyasikia kwa maneno yanayofanana: herufi zina ukungu, "i" moja ni nene na nyingine nyembamba, masahihisho mekundu ya profesa hayasomeki, na upau wa chini wenye saa na kitufe cha kuanzia umezama nusu nje ya kioo. Mwenye kibanda hulaumu waya, akanunua mwingine wa bei kubwa, na hali ikabaki vile vile. Waya hauna kosa. Televisheni imetengenezwa kupokea filamu na mpira na kuvipamba kabla ya kuvionyesha, na kila pambo linaloisaidia filamu huidhuru herufi. Anayetaka kusoma na kuandika juu yake anapaswa kuizuia isifanye kitu chochote, mpaka kila nukta inayotoka kwenye kompyuta itue juu ya nukta moja ya kioo, katika rangi yake yenyewe. Kazi hiyo ina mpangilio, na wengi hushindwa kwa kuwa huanzia mwisho.

Ya kwanza ni kingo, maana kingo zikiwa zimekatwa, kipimo kingine chochote kitadanganya.

Katika televisheni za zamani za tyubu, picha ilichorwa na mwale wa elektroni, na upana wake ulibadilika umeme ulipopanda na kushuka, na chombo kilivyozidi kuzeeka. Kama picha ingechorwa sawasawa na ukubwa wa kioo, umeme ukipungua kidogo mtazamaji angeona utepe mweusi pembeni. Watengenezaji wakaamua kuichora kubwa kuliko kioo ili kingo zake zifichike nyuma ya fremu, na vituo vya utangazaji vikazoea kutoweka maandishi karibu na ukingo. Kompyuta za nyumbani za wakati huo, kama Commodore 64 na ZX Spectrum za mwaka 1982, ziliacha ukanda mtupu kuzunguka eneo la maandishi kwa sababu hiyo hiyo. Kioo bapa cha leo hakihitaji hila hii hata kidogo, lakini televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa bado zinaifanya, kwa sababu zinaichukulia kompyuta kama kituo cha matangazo.

Tuone inavyoharibu. Kompyuta inatuma picha ya nukta 1920 kwa 1080, na televisheni inakata asilimia 2.5 kila upande. Kushoto zinapotea nukta 48, kulia 48, juu 27 na chini 27. Upau wa chini wa Windows 10, katika ukubwa wa kawaida wa asilimia 100, una kimo cha nukta 40. Ukiondoa 27 zinabaki 13, na ndiyo maana saa inaonekana kama imekatwa kwa kisu. Lakini hasara kubwa haiko kwenye kingo. Sehemu iliyobaki, nukta 1824 kwa 1026, inavutwa ijaze kioo kizima, kwa hiyo nukta 19 zinatandazwa juu ya nafasi ya 20. Hakuna nukta inayotua mahali pake. Mtu anayeridhika kwa kuusogeza upau wa Windows juu kidogo amepata saa yake tu, na herufi zote bado zimevutwa.

Dawa iko kwenye rimoti, katika mpangilio wa ukubwa wa picha, na kila kampuni imeipa jina lake: LG huandika `Just Scan`, Samsung za zamani `Screen Fit` na mpya `Fit to screen`, Sony `Full Pixel`, Sharp `Dot by Dot`. Televisheni za bei nafuu mara nyingine huwa na mstari unaosema wazi `Overscan`, nao unazimwa. Jina lisipoonekana, hakikisha kwanza kwamba kompyuta imewashwa na picha yake iko kwenye kioo, maana televisheni nyingi huonyesha chaguo hilo pale tu zinapopokea picha inayofaa. Kisha jaribu tundu jingine la HDMI, hasa lenye maandishi `PC` au `DVI` pembeni yake.

Kuna njia ya pili ambayo mafundi wengi huikimbilia, nami naipinga. Programu za kadi ya picha, za Intel na za AMD, zina kitelezi cha kupunguza picha hadi kingo zionekane. Kingo zinarudi kweli, ila kompyuta imeisinyaza picha na televisheni imeivuta tena. Herufi imepigwa pasi mara mbili, na matokeo ni mabaya kuliko mwanzo. Kitelezi hicho kinafaa pale tu ambapo televisheni haina mpangilio wowote wa kuacha kukata.

Kingo zikishatulia, swali linalofuata ni la nukta za kioo chenyewe, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa Kisangani wanapopotoka. Televisheni za inchi 32 zilizojaa sokoni, mpya na zilizotumika Ulaya, kwa sehemu kubwa zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Nembo ya "HD ready", iliyoanzishwa Ulaya mwaka 2005, iliahidi kioo chenye mistari isiyopungua 720 na uwezo wa kupokea picha za HD, wala haikuahidi mistari 1080. Ukimwambia mwenye kibanda hivyo, anakuonyesha katoni: "Papa, angalia, wameandika 1080p." Wameandika kweli, lakini mara nyingi wanamaanisha kwamba televisheni inaweza kupokea picha ya 1080. Kuipokea na kuionyesha yote ni mambo mawili. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kioo cha 1366 kwa 768 kina milioni moja na kidogo. Nusu ya nukta lazima zipotee, na mkono mwembamba wa herufi "l", wenye unene wa nukta moja, unabakiwa na nafasi ya sehemu saba kwa kumi za nukta. Pengine unaangukia nukta moja na kuonekana, pengine unagawanywa kati ya mbili na kuwa kijivu. Zile "i" zisizolingana unene zinatoka hapa.

Hakuna haja ya kuamini katoni, wala ya intaneti, ili kujua ukweli. Weka ukubwa wa maandishi wa Windows kwenye asilimia 100 na picha kwenye 1920 kwa 1080. Fungua Paint, punguza karatasi ibaki na nukta mbili kwa mbili, paka safu ya kushoto nyeusi na ya kulia nyeupe, hifadhi kama PNG, kisha iweke iwe picha ya nyuma ya Windows katika chaguo la kurudiarudia badala ya kuvuta. Kioo kizima sasa kina mistari ya wima, mweusi na mweupe, kila mmoja wa nukta moja. Kama kioo kina nukta 1920 kweli, ukisimama mbali utaona kijivu kilicho sawa kila mahali, na ukisogeza jicho karibu utaihesabu mistari, yote ya unene mmoja. Kama ni 1366, utaona mawimbi mapana ya giza na mwanga yakipita wima, au kijivu kitupu kisicho na mstari wowote hata pua ikigusa kioo. Televisheni ambayo bado inakata kingo pia hutoa mawimbi, ndiyo sababu nilisema kingo ziende mbele.

Mwenye kioo cha 1366 hajakwama. Televisheni nyingi za kizazi hicho zina tundu la zamani la VGA nyuma, lenye matundu 15 madogo, na kupitia hilo hukubali picha ya 1360 kwa 768. Hesabu za kuonyesha picha hupenda namba zinazogawanyika kwa 8, na 1366 haigawanyiki, basi zinaachwa safu tatu tupu kila upande na nukta zilizobaki zinatua moja kwa moja. Baada ya kuchomeka, bonyeza `Auto Adjust` katika menyu ya televisheni. Herufi zikitetemeka kama maji, rekebisha mstari wa `Phase` mpaka zitulie. Kompyuta isiyo na VGA inaweza kutumia kigeuzi kidogo cha HDMI kwenda VGA. Kabla ya kukinunua, tazama orodha ya Windows ya Kifaransa inayoitwa `Lister tous les modes`, ndani ya mipangilio ya kina ya skrini, maana televisheni chache hutangaza 1360 kwa 768 hata kupitia HDMI. Kwa wanaotumia Linux, amri `xrandr` pekee huonyesha orodha hiyo, na ikiwa namba imo, andika hivi, ukiweka jina la tundu lililo kwenye orodha badala ya `HDMI-1`:

```
xrandr --output HDMI-1 --mode 1360x768
```

Namba isipokuwepo popote, ningechagua 1920 kwa 1080 na kupandisha ukubwa wa maandishi wa Windows hadi asilimia 150. Mikono ya herufi inakuwa minene ya nukta moja na nusu au mbili, nayo huvumilia kupunguzwa kuliko ile ya nukta moja. Haitakuwa safi, ila mtu ataweza kuchapa siku nzima.

Kuna mtego mmoja mdogo unaofanana na tatizo hili. Kompyuta ikionyesha picha ile ile kwenye skrini yake mbovu na kwenye televisheni, inatafuta ukubwa ambao vyote viwili vinakubaliana, na mara nyingi hushuka hadi 1024 kwa 768. Kwa hiyo bonyeza `Windows` na `P`, chagua `Deuxième écran uniquement`, ndipo upime.

Sasa rangi, jambo ambalo mafundi hulitaja mara chache ilhali ndilo linalokula masahihisho mekundu ya profesa.

Jicho la binadamu huona tofauti ya mwanga kwa undani mkubwa, lakini tofauti ya rangi hulipita haraka. Utangazaji umeutumia udhaifu huu tangu mwanzo. Mfumo wa SECAM, ulioanza Ufaransa mwaka 1967 na ambao Zaire iliutumia kwa televisheni yake, ulituma habari za wekundu kwenye mstari mmoja na za bluu kwenye mstari unaofuata. Televisheni iliukumbuka mstari uliotangulia ili kujaza kilichokosekana. Yaani nusu ya undani wa rangi ilitupwa kutoka juu kwenda chini, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa uso wa mtu na majani ya msituni havina mpaka wa rangi wenye upana wa nukta moja. Video za kidijitali zimeendeleza desturi hiyo kwa majina ya namba. Katika 4:4:4 kila nukta ina rangi yake. Katika 4:2:2 nukta mbili zilizo jirani kwa upana hushirikiana rangi moja. Katika 4:2:0 nukta nne, mbili kwa mbili, hushirikiana, na kila moja inabaki na mwanga wake tu.

Herufi nyeusi juu ya nyeupe hupita salama kwa kiasi, sababu tofauti yake ni ya mwanga. Herufi nyekundu juu ya bluu huangamia, maana katika hesabu ya mwanga ya HD kijani hubeba takriban asilimia 72, nyekundu 21 na bluu 7. Nyekundu na bluu hazitofautiani sana kwa mwanga, na rangi iliyokuwa izitenganishe imekwisha kuchanganywa. Hata herufi nyeusi za Windows huguswa. Mbinu ya ClearType hupaka kingo za herufi rangi hafifu ili kutumia vipande vitatu vya kila nukta, na rangi hizo zikisambaa, herufi inapata uchafu wa zambarau au kijani pembeni.

Kipimo ni ile picha yetu ya nukta mbili kwa mbili, ila sasa safu ya kushoto iwe nyekundu na ya kulia bluu. Tazama kwa karibu, au tumia kioo cha kukuza. Ukiona mistari myekundu na mistari ya bluu, rangi zinafika zote. Ukiona zambarau moja yenye mistari hafifu ya mwanga, televisheni inagawanya rangi. Kipimo hiki kinahitaji kioo ambacho tayari kimefuzu kile cha mistari myeusi, la sivyo hutajua kosa ni la nani.

Katika picha ya 1080 kwa mara 60 kwa sekunde, HDMI ya umri wowote ina nafasi ya kutosha kubeba rangi zote, na kompyuta kwa kawaida huzituma. Anayezipunguza ni televisheni yenyewe, ndani, kabla ya mitambo yake ya kulainisha mwendo na kusafisha picha kuanza kazi. Mitambo hiyo inakaa kando pale televisheni inapoambiwa kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Samsung husikia ukibadilisha jina la tundu katika orodha ya vyanzo kuwa `PC`, na LG ukibadilisha alama ya tundu kuwa ya kompyuta. Kwa Sony huchaguliwa hali ya picha ya `Graphics`, na kwa nyingine `Game` husaidia. Inashangaza kwamba jina la kubandika tu linabadilisha njia ambayo picha inapita ndani ya chombo, lakini ndivyo ilivyo, na ukirudia kipimo cha nyekundu na bluu utaona mistari ikitengana mbele yako. Baada ya hapo endesha `cttune` kwenye Windows uchague upya umbo la herufi, kwani vioo vingine vya televisheni hupanga vipande vya nukta kuanzia bluu, na ClearType hubahatisha kuanzia nyekundu.

Mpangilio wa ukali, `Sharpness` au `Netteté`, hauhitaji maelezo marefu. Hauongezi undani wowote. Huchora ukanda mweupe kando ya kila mpaka ili picha ionekane imekolea, na kwenye herufi ukanda huo ni mzimu. Andika neno moja jeusi juu ya kijivu, ushushe ukali mpaka mwangaza unaozunguka herufi utoweke, na usiendelee kushuka. Kwa televisheni nyingi hiyo ni sifuri au karibu nayo. Kwa baadhi, Sony mojawapo, sifuri tayari ni kulainisha, na mahali pa haki pako katikati.

Hata baada ya yote haya, kioo cha inchi 32 chenye nukta 1366 kina nukta 49 kwa inchi moja, kila moja zaidi kidogo ya nusu milimita. Skrini ya kompyuta ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina 92. Jicho zima huacha kuona nukta za televisheni hiyo kwenye mita 1.8 hivi, na hakuna meza ya kibanda inayompa mchapaji nafasi kama hiyo. Mita moja na robo, televisheni ikiwa ukutani na kibodi peke yake mezani, ni mapatano mazuri ikiwa ukurasa wa Word umekuzwa.

Na kuna jambo la Kisangani hasa. Kompyuta ya mapajani ina betri, televisheni haina. Umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika, kioo kinazimika lakini kompyuta inaendelea kufanya kazi bila kuonekana. Usiizime kwa nguvu. Ikiwa ulikuwa ndani ya hati iliyokwisha kupewa jina, `Ctrl` na `S` zitaihifadhi gizani. Umeme ukirudi, kagua kingo kwanza, maana baadhi ya televisheni za bei nafuu hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani.

Kwa anayenunua upya, na fedha zikiwepo, inchi 43 yenye kioo cha 4K, yaani 3840 kwa 2160, hufika nukta 102 kwa inchi, na hiyo ni skrini ya kweli ya kusomea. Tatizo linahamia kwenye kompyuta. HDMI 1.4, iliyo kwenye kompyuta nyingi za mapajani zilizotumika, haiwezi kupitisha 4K kwa mara 60 kwa sekunde na rangi zote. Itatuma mara 30 na rangi kamili, au, kwa baadhi ya kompyuta tu, 60 na rangi za 4:2:0. Kwa kuchapa ningechukua 30, ingawa kishale cha kipanya kitavutika kidogo, kwa sababu herufi zinabaki safi. Kompyuta yenye HDMI 2.0 inafanya yote mawili, ila tundu la televisheni lazima lifunguliwe kwanza: LG huita `HDMI ULTRA HD Deep Colour`, Samsung `HDMI UHD Color` au `Input Signal Plus`, na hutoka kiwandani mara nyingi likiwa limefungwa. Na kompyuta dhaifu isiyoweza 4K kabisa inaweza kutuma 1920 kwa 1080, ambayo inaingia ndani ya 3840 kwa 2160 mara mbili kamili, kila nukta ikawa mraba wa nukta nne. Baadhi ya televisheni bado huulainisha mraba huo, kwa hiyo beba ile picha ya mistari kwenye ufunguo wa USB, pamoja na kompyuta yako, uiwashe dukani kabla ya kulipa.